Kambale si jina la ukoo: majina ya Butembo na Beni mbele ya fomu

Mwaka 2019 Kivu Kaskazini ilipata gavana mpya, Carly Nzanzu Kasivita, akichukua nafasi ya Julien Paluku Kahongya aliyeongoza jimbo tangu 2007. Mwandishi wa habari wa nchi za nje hujua la kufanya na majina marefu: taja yote mara moja, kisha endelea na jina la ukoo peke yake. Kwa hao wawili, wengi waliendelea na "Paluku" na "Nzanzu". Mtu wa Butembo akisoma hivyo anaelewa ni nani anayezungumziwa, lakini anaona pia kwamba mwandishi ameshika pasipo mshiko. Paluku na Nzanzu si majina ya ukoo wa mtu yeyote. Ni majina ambayo Wanande humpa mtoto wa kiume wa mwanzo wa mama yake, na katika mtaa mmoja wa Butembo akina Paluku wasiojuana wanaweza kujaa benchi zima la kanisa.

Kosa hilo gazetini halimdhuru mtu. Likihamia kwenye kadi, diploma, tiketi ya ndege, orodha ya wagonjwa au orodha ya watu waliowekewa vikwazo, linadhuru. Na mzizi wake ni mmoja: fomu ya Kongo ina kisanduku cha kwanza kilichoandikwa "Nom", na katika Butembo na Beni kisanduku hicho huingia lile jina ambalo, kati ya majina yote ya mtu, ndilo linalosema machache zaidi kuhusu familia yake.

Tuanze na majina yenyewe. Mama Mnande huhesabu wavulana wake peke yao na wasichana wake peke yao. Mvulana wa kwanza huwa Paluku, Mumbere au Nzanzu. Wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Msichana wa kwanza huwa Masika, na baada yake huja akina Kavira, Kavugho, Kahambu, Katungu na Kyakimwa. Ikiwa watoto walifuatana wa jinsia moja kisha mfululizo ukakatika, aliyeukata anaweza kuitwa Muhindo, au Kahindo akiwa msichana. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya sehemu na sehemu, na kila nyumba ina sababu zake, lakini kanuni haibadiliki: jina linataja nafasi. Tena linataja nafasi kwa mama, si kwa baba. Baba mwenye wake wawili anaweza kuwa na akina Kambale wawili mezani, na hakuna aliyekosea.

Kwa hiyo jina la kuzaliwa hufanya kazi nzuri nyumbani. Ukisikia kwamba Kakule anaoa, unajua nyumba ile ina wavulana wasiopungua wanne, na unajua ni nani wanaomtangulia. Nje ya nyumba haliwezi kufanya kazi ya kumtenga mtu na wengine, na halikuwahi kukusudiwa kuifanya.

Kazi hiyo hufanywa na jina la pili, ambalo Kongo nzima hulijua kwa jina la kiofisi, postnomu. Kwa Wanande linaweza kuwa jina la babu, la mjomba, la jirani aliyesaidia siku ya uzazi, au neno la Kinande linaloeleza hali ya nyumba wakati mtoto alipofika: msiba, ugomvi, shukrani. Katika familia ya Nyamwisi, iliyotoa wanasiasa wawili, Enoch aliyeuawa Butembo mwaka 1993 na mdogo wake Antipas Mbusa aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje, jina Nyamwisi lilibebwa na wote wawili, na kwa mgeni likaonekana kama jina la ukoo la Kizungu. Lakini hilo si lazima wala si kawaida ya kila nyumba. Ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kuwa na postnomu nne.

Tuchukue nyumba ya mfano. Mama amezaa Paluku, Kambale, Masika na Kasereka. Paluku amepewa jina la babu mzaa baba, Musubao. Kambale amepewa la baba yake, Muyisa. Masika ana jina la bibi yake, na Kasereka amepewa jina la tukio. Ongeza majina ya ubatizo: Jean, Justin, Espérance, Dieu-Merci. Sasa waandikishe shule moja kwa karatasi nne. Kwenye rejista yenye kufuata alfabeti, Jean yuko chini ya P, Justin chini ya K, Espérance chini ya M, na Dieu-Merci anakaa karibu na Justin kwa bahati tu ya herufi. Hakuna neno hata moja linalorudiwa kati ya majina yao. Wakati huohuo Justin amezungukwa na akina Kambale kumi wasio ndugu zake, wote wakionekana kwenye karatasi kama ukoo mmoja mkubwa. Karatasi imetenganisha ndugu na kuwaunganisha wageni.

Ukoo uko wapi, basi? Upo, na kila mtu mzima anaujua wake. Mtu ni Muswagha, Mushu, Mumate au Mutangi, na mambo mazito ya ndoa, ardhi na utawala wa kimila hupitia humo. Lakini ukoo hauandikwi ndani ya jina. Mganda akitaja jina lake la Kiganda, Mganda mwenzake mara nyingi anajua ukoo wake papo hapo. Mnande akitaja jina lake hajataja ukoo. Kwenye karatasi za serikali ukoo hujitokeza kwa mlango wa nyuma, kwenye mistari ya asili: jimbo, teritwari, kisha sekta au shefferi. Ndipo unapokuta Bashu katika teritwari ya Beni, na Baswagha, Bamate na Batangi upande wa Lubero, kwa sababu watawala wa kikoloni waligawa ardhi kwa kufuata machifu wa koo hizo. Mstari huo unasema mahali, na mahali si ukoo: mtu anayeishi ndani ya shefferi ya Baswagha anaweza kuwa Mushu, na fomu haina pa kulisema hilo. Kwa hiyo mtu akiombwa kwenye fomu ya Kiswahili "jina la ukoo", akiandika Kambale amekosea, akiandika Muswagha ameandika kweli isiyo kwenye kadi yake yoyote.

Visanduku vitatu tunavyovizoea si vya kale. Enzi ya Wabelgiji na misheni, mtu alikuwa na jina la kienyeji na jina la ubatizo, na makarani waliyapanga walivyoona. Mageuzi yalitoka Kinshasa. Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaire, na Januari 1972 rais akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu Wa Za Banga. Majina ya ubatizo yakapigwa marufuku kwenye karatasi za serikali. Kardinali Malula aliyepinga siasa hiyo akalazimika kukaa Roma kwa muda. Sheria ya Julai 1973 kuhusu majina ya watu ikaimarisha agizo hilo. Aliyekuwa Jean Kambale sasa alihitaji neno jingine la kienyeji nyuma ya Kambale, na hapo ndipo postnomu ilipopata cheo chake rasmi. Wengine walichukua mtindo wa "wa": mwanasiasa na mwanabenki maarufu wa kwetu, Pierre Pay-Pay, aliandikwa Pay-Pay wa Syakasighe. Ulegevu wa 1990 uliporudisha jina la ubatizo, halikurudi mbele lilikotoka. Lilipewa kisanduku cha tatu, nyuma kabisa: nomu, postnomu, prenomu.

Watu waliosoma kati ya 1972 na 1990 ndio wanaobeba alama ya safari hiyo. Diploma ya Serikali ya mtu huyo ina majina mawili bila ubatizo. Cheti cha parokia kina ubatizo na jina moja la kienyeji. Karte ya uchaguzi, ambayo tangu 2005 ndiyo kitambulisho cha kila siku cha Mkongomani, ina yote matatu. Karatasi zote tatu ni za kweli na za mtu mmoja, na ofisi ya nchi nyingine ikizilinganisha inaona watu watatu.

Sheria inajua hatari hii. Kodi ya Familia ya Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inasema kila Mkongomani hutambulishwa kwa jina lenye sehemu moja au zaidi. Neno la kuzingatia ni hilo "sehemu". Sheria haitaki jina la ukoo, wala haimlazimishi baba kumpa mtoto jina lake. Inachotaka ni majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa nchi, yasiwe ya matusi wala ya kudhalilisha, na, hapa ndipo penye uzito, mpangilio wa sehemu na tahajia yake visibadilike tena baada ya kuandikwa kwenye rejista ya etasivili. Ibara ya 64 inakataza mtu kubadili jina, kusahihisha tahajia au kugeuza mpangilio kwa hiari yake. Lazima apeleke ombi kwa hakimu na kutoa sababu ya maana. Kwa mantiki ya sheria hii, jina la Mkongomani ni mnyororo mmoja. Paluku Musubao Jean ni jina zima. Kulikata mahali popote ili kupata "jina la familia" ni kazi ambayo sheria haikuifanya.

Shida ni kwamba mlango wa kuingilia kwenye rejista haukutani na watu wengi kwa wakati. Muda wa kutangaza kuzaliwa sasa ni siku 90. Ukipita, inahitajika hukumu ya mahakama ya kujazia cheti kilichokosekana, ambayo ina gharama zake na safari zake. Katika eneo ambalo vijiji vizima vimehama kwa sababu ya mauaji tangu 2014, watoto wengi huandikwa kwa mara ya kwanza darasani, na mwandishi ni mwalimu. Yeye ndiye anayeamua kwa kalamu yake kama ni Kavugho, Kavuo au Kabuo.

Tahajia hii si jambo dogo. Kinande kina sauti laini kati ya b na v ambayo herufi za Kifaransa hazina, na kina "gh" ambayo sikio la karani kutoka Kinshasa halishiki kabisa. Msichana mmoja anaweza kuwa Kavugho kwenye cheti cha ubatizo, Kavuo shuleni na Kabuo kwenye simu ya pesa. Vuka mpaka wa Kasindi uingie Bwera, upande wa Uganda, na majina yaleyale yanavaa mavazi mengine kwa sababu Wakonzo na Wanande ni watu wa lugha moja waliogawanywa na mstari: Paluku ni Baluku, Kambale ni Bwambale, Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo, Kavira ni Biira. Mfalme wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, ana jina ambalo ukiliita sokoni Butembo utajibiwa na wanaume wengi. Mfanyabiashara mwenye ndugu pande zote mbili huweza kuwa Kambale asubuhi na Bwambale mchana, bila nia yoyote ya kudanganya.

Sasa tazama haya yote yakigeuka kuwa orodha. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Mangina karibu na Beni, ukapita Beni mjini, Katwa na Butembo, na ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Silaha kubwa pamoja na chanjo ilikuwa kufuatilia kila aliyemgusa mgonjwa: kumwandika, kisha kumtembelea kila siku kwa siku 21. Orodha ya namna hiyo inaishi au kufa kwa jina. Fikiria mstari unaosema: Kavira Masika, mwanamke, miaka 30, Katwa. Mgeni aliyefika na kompyuta yake anadhani ana jina na jina la ukoo. Mwenyeji anaona majina mawili ya nafasi yaliyoungana: binti wa pili, ambaye postnomu yake ni jina la mwanamke mwingine aliyekuwa binti wa kwanza. Katika eneo la afya la watu maelfu, mstari huo unaweza kuwa wa wanawake wengi. Mtu aliyeogopa timu na kutaka kujificha hakuhitaji kudanganya. Jina lake la kweli lilitosha kumficha.

Kuna njia ya kugundua orodha iliyoharibika hivi. Ipange kwa kisanduku cha "Nom" na uhesabu maneno tofauti. Ikiwa mistari mia tano inatoa maneno ishirini tu, kisanduku hicho hakitambulishi mtu, na programu yoyote inayotafuta marudio kwa kukitegemea itafuta watu halisi au itaacha mtu mmoja akiwa ameandikwa mara tatu. Jawabu la mwenyeji ni kuuliza anavyouliza jirani. Kwenye kaunta Butembo nimeyasikia mazungumzo haya kwa namna moja au nyingine mara nyingi:

"Papa, jina yako?"

"Kambale."

"Kambale ya nani?"

"Kambale ya Mama Riziki, pale juu ya kituo cha afya."

Huyo karani amepata kwa maswali mawili kile ambacho visanduku vitatu vilishindwa kumpa: jina la nafasi, jina la mama au mwenye nyumba, na mahali. Orodha inayofaa kwa mji huu ina safu ya jina la mama, ya mkuu wa nyumba, ya selula na barabara, na namba ya simu yenye kuandikwa ni ya nani. Jina huandikwa zima katika safu moja kama linavyotamkwa, na vipande vyake huwekwa pembeni kwa msaada wa kutafuta tu.

Mama Riziki aliyetajwa hapo huenda kwenye kadi yake hana Riziki popote. Mwanamke akizaa, mtaa humwita kwa mtoto, na baba vilevile. Majina ya utani yanaongezeka juu ya hayo: la mpira, la bidhaa anayouza mtu, la mji alikofanyia biashara. Haya ndiyo majina yanayomtambulisha mtu kuliko yote, maana hutungwa ili asichanganywe na Kambale mwingine. Ndiyo sababu msamaria aliyeokota simu yako Butembo atakufikia haraka kwa jina la utani kuliko kwa kadi. Na ndiyo sababu hati za polisi na za mahakama Kongo zimejaa neno "alias" hata kwa watu wasio na la kuficha. Mahali ambapo jina rasmi ni la wote, jina la mtaani ndilo kitambulisho, na afisa makini huliandika. Hatari huja hati hiyo inaposomwa mbali. Huko neno alias lina harufu ya mhalifu, mtu anayetembea na majina mawili ili asikamatwe.

Wapo wa namna hiyo kweli, na wamekaa papa hapa Beni. Jamil Mukulu, kiongozi wa zamani wa ADF aliyekamatwa Tanzania mwaka 2015, yumo kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa na mlolongo mrefu wa majina ya kujificha, kuanzia Steven Alirabaki hadi Profesa Musharaf. Aliyemrithi, Seka Musa Baluku, aliingizwa kwenye orodha hiyo Februari 2020, na kati ya majina yake mengine limo Mzee Kajaju. Tazama sasa jina lake lililo rasmi. Baluku ni jina la nafasi, la mvulana wa kwanza, lililoenea kote Kasese. Na kwa tahajia ya upande wetu ni Paluku, herufi moja tu mbali. Mifumo ya benki na ya kutuma pesa hulinganisha kila mteja na orodha hizo, na hutafuta pia majina yanayofanana kwa karibu, kwa sababu tahajia hubadilika. Musa ni jina la kawaida la Kiislamu. Kijana yeyote wa Kasese au Beni aitwaye Musa, mvulana wa kwanza wa mama yake, ana nafasi nzuri ya kusimamishwa kwenye dirisha akipokea dola mia mbili kutoka kwa kaka yake. Kinachomtoa ni tarehe ya kuzaliwa, mahali na postnomu. Akiwa na kadi yenye tarehe ya kubahatisha, kama walivyo wengi walioandikwa ukubwani, anakaa hapo mpaka mtu wa makao makuu apige simu.

Wafanyabiashara wa Butembo, wanaofuata mzigo Dubai na Guangzhou tangu miaka mingi, wanakutana na shida ya upande mwingine: pasipoti. Kimataifa, mstari wa kwanza kati ya miwili ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine una herufi 44 na unagawa jina sehemu mbili tu. Kati ya sehemu hizo kuna alama mbili zilizofuatana. Msafiri aitwaye Kambale Musubao Jean lazima akatwe pawili, na anaweza kukatwa hivi au hivi:

```
P<CODKAMBALE<MUSUBAO<<JEAN<<<<<<<<<<<<<<<<<<
P<CODKAMBALE<<MUSUBAO<JEAN<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Katika mstari wa kwanza "ukoo" wake ni Kambale Musubao na jina lake ni Jean. Katika wa pili ukoo ni Kambale, na Musubao amekuwa jina lake la kwanza. Mashine haijali upi una maana. Inajali tiketi, viza na hati za kontena zifuate mstari uleule. Wakala aliyezoea Waarabu au Wahindi akikata tiketi kwa kuotea, msafiri anaweza kuzuiwa uwanjani Entebbe akiwa na karatasi ambazo kila moja, ikitazamwa peke yake, haina kosa. Kwa hiyo ushauri wa wazoefu ni mkavu: usijaze fomu ya nje kwa maana ya majina yako, ijaze kwa mstari huo wa pasipoti. Yaliyo kabla ya alama mbili yaende kwenye "Surname", yaliyo baada yake yaende kwenye kisanduku kingine, yote, bila kuacha hata moja.

Neno hilo "Surname" lenyewe ni mtego kwa aliyesomeshwa Kifaransa, maana linamkumbusha "surnom", yaani jina la utani, na wapo walioandika jina la mtaani kwenye kisanduku cha ukoo kwa nia safi kabisa. Jina la kati ni mtego mwingine. Mtanzania ana jibu la haraka, kwa kuwa majina yake hupanda ngazi: lake, la baba, la babu. Mkongomani akikuta "jina la kati" kwenye fomu ya Nairobi au Dar es Salaam huweka postnomu humo kwa sababu iko katikati kwa mpangilio, na ofisi inaandika kwamba Musubao ni baba yake. Huenda ni babu, huenda ni jirani wa mama yake.

Mwanamke kwa kawaida ya hapa hakupoteza majina yake alipoolewa, kwa hiyo karatasi haimuunganishi na mume wala na watoto. Katika kesi za kuunganisha familia ng'ambo, baba ni Kambale, mama ni Kavira, watoto ni Paluku, Masika na Kasereka. Afisa anaona watu watano wa familia tano, na huomba vyeti vya kuzaliwa, na vikikosekana, vipimo vya DNA.

Wazazi wameanza kujikinga. Wapo wa Butembo na Beni wanaowapa watoto wote postnomu moja, ya baba au ya babu, na kulishika jina la kuzaliwa mahali pake; hao wamepata kitu kinachofanana na jina la familia bila kuacha kuhesabu. Wengine, hasa walioishi Kampala, Ulaya au Amerika, wamekwenda mbali zaidi, au wamesukumwa huko na fomu ya hospitali alikozaliwa mtoto: kilichokuwa kwenye "Nom" ya baba kinahamia kwa kila mtoto kama jina la ukoo. Baba alikuwa Kambale. Binti yake wa kwanza sasa ni Grace Kambale, na mvulana wake wa kwanza ni David Kambale. Bibi akipiga simu kutoka Beni humwita binti Masika na mvulana Paluku, kwa sababu ndivyo walivyo. Kwenye pasipoti zao hakuna Masika wala Paluku, na yupo Kambale wa kike, binti wa kwanza, anayebeba jina la mvulana wa pili. Akirudi siku moja kuomba cheti cha uraia kwenye ofisi ya komini ya Kimemi au Bungulu, karani ataliangalia jina hilo na kuuliza kwanza kaka yake mkubwa yuko wapi.